Kufuta mazungumzo na akaunti ya mkopo wa simu

"Nimemaliza mkopo na nimeondoa programu kwenye simu. Nawaandikiaje wafute mazungumzo yangu na huduma kwa wateja pamoja na akaunti? Niko Nakuru."

Ndugu, kuondoa programu kumesafisha simu yako tu; kwao kila kitu kipo. Kwanza omba barua ya kuthibitisha umemaliza deni na uitunze, maana wakishafuta hutakuwa na ushahidi mwingine.

Kisha andika kwa barua pepe uliyojisajilia:

"Kwa mujibu wa kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, naomba mfute akaunti yangu, mazungumzo yote, rekodi za simu na orodha ya majina mliyochukua kwenye simu yangu. Wajulisheni pia mliowapa data hiyo. Mkibakiza chochote, nielezeni ni kipi na kwa sheria gani."

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu. Kumbukumbu za malipo wanaweza kuzishikilia kisheria, lakini orodha ya majina ya jamaa zako sioni sababu.

Mimi niliombwa picha mpya ya kitambulisho. Nilikataa, nikathibitisha kwa namba niliyojisajilia.

Kanuni zinawapa siku 14. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.