Wasifu wa kurasa mbili, utambulisho wa dakika moja

Mwalimu, mgeni wetu ametutumia wasifu wa kurasa mbili. Mimi ndiye nitakayemkaribisha jukwaani. Nisome sehemu ipi na niache ipi?

Kwanza usome wote kwa sauti huku simu ikihesabu muda. Kwa Kiswahili mimi husoma takriban maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo wasifu wa maneno 600 unakula dakika 6, na hizo zinakatwa kwenye muda wa maswali. Niliwahi kumtambulisha mgeni kwa dakika 11. Alipomaliza kuzungumza, ukumbi ulikuwa unahitajika kwa darasa jingine, na wanafunzi waliokuja na maswali wakaondoka nayo. Bado naliona kuwa kosa langu.

Sasa chukua kalamu, na kwenye kila mstari ujiulize: je, huu unamweleza msikilizaji kwa nini amsikilize mtu huyu, juu ya jambo hili, leo? Tuseme mgeni ni mtafiti wa samaki na mada yake ni kupungua kwa sangara. Wasifu unataja shule ya msingi, shahada tatu, makala 64, kamati nane, tuzo mbili, na katikati ya aya ya nne, karibu upotee, mstari kwamba kwa miaka 14 amekuwa akipima samaki wa Ziwa Viktoria pamoja na wavuvi wa Masese, Jinja. Mstari huo ndio utambulisho wako. Makala 64 zina uzito kwa kamati ya kupandisha vyeo. Aliyeketi ukumbini hawezi kufanya lolote na idadi hiyo, hata kama ni kubwa.

Kisha usiunakili mstari wenyewe. Wasifu huandikwa kwa sentensi ndefu kwa sababu msomaji anaweza kurudi nyuma, lakini msikilizaji hawezi. Mimi ningesema hivi:

"Wengi wetu tumekula samaki wa Ziwa Viktoria tangu utotoni. Mgeni wetu amelichunguza ziwa hilo kwa miaka 14. Hutoka Masese alfajiri na wavuvi, akapima samaki mmoja mmoja wanapotolewa nyavuni. Ni mtafiti wa uvuvi, na anafanya kazi Jinja. Leo atatueleza kwa nini sangara wanapungua, na baada ya hapo atapokea maswali kwa dakika 20. Tumkaribishe Dakta Fulani."

Haifiki dakika moja. Angalia pia kwamba imetaja swali la mhadhara, haikugusa jibu. Ukianza kueleza mambo ya nyavu haramu na samaki wachanga, umemnyang'anya mgeni mwanzo wake. Jina nimeliweka mwisho ili makofi yamkute akiinuka. Likitajwa mwanzoni, watu hupiga makofi, mgeni husimama, nawe bado una aya mbili mkononi.

Mkuu wa idara anasema nikiacha tuzo na shahada mgeni ataona amedharauliwa.

Hofu hiyo naielewa, maana kwetu heshima hutamkwa hadharani. Wasifu kamili uchapwe kwenye ratiba inayogawiwa mlangoni, umheshimu kwa ukamilifu wake. Halafu mpigie mgeni siku mbili kabla, umsomee ulichoandika, umwulize: "Kuna jambo moja ambalo ungependa lisikosekane?" Sema moja. Mara nyingi atataja jambo ambalo hukulitarajia, pengine mwalimu aliyemfundisha, na mara nyingi litakuwa bora kuliko tuzo. Ukiwa na kibali chake, mkuu wa idara hatakuwa na la kulalamikia.

Mgeni ni wa Mbale, mimi ni wa Mbarara. Jina lake linanishinda kutamka.

Kwenye simu hiyohiyo mwombe alitamke polepole mara mbili, nawe uliandike unavyolisikia. Maandishi ya majina yetu humdanganya anayesoma kwa mazoea ya Kiswahili: Kyambogo huandikwa kwa *ky*, lakini Mganda hutamka "Chambogo". Kwenye karatasi yako andika sauti, uache tahajia rasmi kwenye ratiba. Litamke kwa nguvu ukiwa peke yako mpaka ulimi usikwame. Na usiwaambie watu kwamba jina ni gumu, kwani kwa mwenyewe si gumu hata kidogo.

Nimwite Profesa au Dakta?

Cheo anachokitumia mwenyewe. Ukimpandisha mhadhiri kuwa Profesa, ataanza mhadhara kwa kukusahihisha.

Kabla yangu kuna mshereheshaji ambaye tayari atakuwa amemtaja mgeni. Nirudie?

Kaa naye kabla ya shughuli mgawane. Yeye ataje tu kwamba mgeni amefika. Kazi ya mgeni na mada yake mwachie mtu mmoja, ambaye ni wewe. Akisahau na kuyasema yote, weka karatasi mfukoni, taja muda wa maswali, taja jina, ukae.