Misumari ya boriti ya mbao zilizounganishwa: jinsi ya kupata umbali kati ya msumari na msumari

Swali: «Nina mbao tatu za paini za inchi 2 kwa 6, nataka kuzipigilia ziwe boriti moja yenye umbo la I, yenye urefu wa mita 4 kati ya kuta mbili, ibebe paa la stoo. Fundi anasema misumari ya inchi 4 kila baada ya inchi 6 inatosha. Je, kuna hesabu, au ni mazoea tu?»

Ndugu, hesabu ipo, nayo ni fupi. Nilijifunza thamani yake Masindi, Uganda, katika ghala la mahindi ambalo boriti yake tuliitengeneza kama hii unayoitaka wewe, kwa kanuni hiyohiyo ya inchi 6. Kabla ya kupigilia nilikuwa nimechora mistari ya penseli inayokatiza viungo karibu na ncha, ili mbao zisisogee wakati wa kazi. Paa lilipokamilika, uzi uliovutwa kutoka ncha hadi ncha ulionyesha kwamba boriti imelegea katikati kwa sentimita 2 hivi, ilhali hesabu ya boriti iliyoshikana barabara ilikuwa imenipa milimita 3 tu. Nilipopanda ngazi kuitazama mistari ya penseli, nilikuta kila mmoja umekatika kwenye kiungo, nusu moja ikiwa imeachana na nyingine kwa takriban milimita 2. Mbao hazikuwa zimevunjika wala kupasuka. Zilikuwa zimeteleza.

Kuteleza huko ndiko kunakopaswa kuzuiwa na misumari. Boriti inapopinda kwa uzito, upande wa chini wa ubao wa juu hutaka kurefuka, na upande wa juu wa ubao wa wima, unaougusa, hutaka kufupika. Kama hakuna kinachozishika, kila ubao hupinda peke yake. Tofauti yake si ndogo. Mbao zako tatu, zenye unene wa milimita 50 na upana wa milimita 150, zikishikana kabisa katika umbo la I lenye kimo cha milimita 250, momenti ya pili ya eneo, ambayo ndiyo kipimo cha ugumu wa kupinda, ni takriban 167,000,000 mm⁴. Zikiteleza kwa uhuru, jumla ya zote tatu ni takriban 17,000,000 tu, yaani karibu sehemu moja ya kumi. Boriti halisi huwa mahali fulani kati ya namba hizo mbili, na mahali hapo huamuliwa na misumari.

Nguvu ya kuteleza kwa kila milimita ya urefu wa kiungo, yaani mtiririko wa mkato, hupatikana hivi:

```
q = V × Q / I
s = F / q
```

V ni nguvu ya mkato, yaani ile inayotaka kuikata boriti wima, katika sehemu unayoihesabu, I ni momenti ya pili ya eneo la umbo zima, F ni mzigo ambao msumari mmoja unaweza kuuhimili kwa usalama ukisukumwa kutoka ubavuni, na s ni umbali kati ya msumari na msumari. Fomula hii ya mkato ilitokana na mbao hasa: mhandisi Mrusi Dmitri Zhuravski aliitafuta katika karne ya 19 alipokuwa akijenga madaraja ya mbao ya reli.

Q ndiyo inayowakosesha wengi, kwa hiyo niikalie kidogo. Si ya boriti nzima, wala si ya nusu ya juu. Ni ya kile kipande ambacho kingeanguka kama misumari ya kiungo hicho ingeng'olewa: eneo la kipande hicho mara umbali wa kitovu chake kutoka mstari wa katikati ya boriti. Kwako, msumari unashika ubao wa juu peke yake, ambao eneo lake ni 150 mara 50, yaani 7,500 mm², na kitovu chake kiko milimita 100 juu ya katikati. Q basi ni 750,000 mm³. Anayechukua nusu nzima ya juu atapata Q ya kupimia mkato wa ubao wenyewe katikati ya kimo chake, na hilo ni swali jingine.

Hukutaja uzito wa paa, hivyo nitatumia ule wa ghala letu, ambao ulikuwa takriban kilo 120 kwa kila mita ya boriti, pamoja na boriti yenyewe. Hiyo ni nyutoni 1,200 kwa mita, nyutoni 4,800 kwa mita 4, na kila ukuta unapokea nusu, kwa hiyo V kwenye egemeo ni nyutoni 2,400. Kwa msumari wa inchi 4 wenye kipenyo cha milimita 4, unaopita milimita 50 za ubao wa juu na kuingia milimita 50 nyingine ndani ya ubao wa wima, mimi hutumia nyutoni 400 katika paini iliyokauka.

```
q = 2400 × 750000 / 167200000 = 10.8 N/mm
s = 400 / 10.8 = 37 mm
```

Milimita 37, si inchi 6. Ukigeuza hesabu uone inchi 6 zinabeba nini, msumari mmoja kila milimita 150 unatoa nyutoni 2.7 kwa milimita, kiasi kinachotosha robo tu ya mzigo huo. Hicho ndicho kilichotupata Masindi.

Usikimbilie nyundo ukapigilie kila milimita 37. Kiwango cha Uingereza BS 5268, kilichotumika hadi 2010, kilitaka misumari iliyopigwa katika mstari mmoja kufuata nyuzi za mbao, bila tundu la awali, iachane kwa angalau mara 20 ya kipenyo chake, yaani milimita 80 kwa msumari huu. Ukitoboa kwanza kiliruhusu mara 10, yaani milimita 40, na hata hapo 37 haifiki. Kuongeza mstari wa pili nako hakuwezekani, kwa sababu ukingo wa ubao wa wima una milimita 50 tu, na kila mstari unahitaji milimita 20 kutoka ukingoni, hivyo kati ya mistari zingebaki milimita 10 tu. Nilijaribu mwenyewe kupiga misumari karibukaribu kwenye kipande cha majaribio, na ubao wa wima ukapasuka kwa urefu, ufa ukitoka msumari hadi msumari. Kwa mzigo huu, umbo la I la mbao tatu zilizounganishwa kwa misumari hii halifai, na nakuambia waziwazi uliache.

Nunua ubao mmoja zaidi. Kwa mbao nne unatengeneza sanduku: mmoja umelala juu, mmoja umelala chini, na mbili zimesimama kando, kila mmoja ukiwa sawa na ukingo wa nje, kukiwa na uwazi wa milimita 50 kati yao. Q haibadiliki, kwa sababu ubao wa juu ni uleule, lakini I inapanda hadi takriban 181,000,000 mm⁴, na sasa ubao wa juu unashikwa kwa mistari miwili ya misumari, mmoja juu ya kila ubao wa wima.

```
q = 2400 × 750000 / 181250000 = 9.9 N/mm
kila mstari: 9.9 / 2 = 4.97 N/mm
s = 400 / 4.97 = 80 mm
```

Milimita 80 inakubalika bila kutoboa, mradi kila mstari upite katikati ya ukingo wa ubao wake wa wima, milimita 25 kutoka nje. Msumari wa kwanza usiwe karibu na ncha ya ubao kuliko milimita 80, la sivyo utaipasua ncha hiyo.

Umbali huo ni wa karibu na kuta tu. Kwa mzigo uliosambaa sawasawa, nguvu ya mkato hupungua kidogo kidogo kutoka ukutani hadi kufikia sifuri katikati, na kwa umbali wa mita 1 kutoka ukutani imebaki nyutoni 1,200, hivyo msumari kila milimita 160 unatosha. Mimi ningepiga kila milimita 80 katika mita ya kwanza na ya mwisho, na kila milimita 150 katika mita mbili za kati, juu na chini vilevile. Boriti nzima itakula misumari kama 160. Mafundi wengi hupiga misumari karibukaribu katikati kwa sababu ndipo boriti inapoonekana kulegea, kumbe kuteleza huanzia kwenye ncha. Hali ni nyingine ikiwa utaning'iniza kitu kizito katikati, kama kapi ya kuinulia magunia: hapo mkato unaoletwa na mzigo huo haupungui kuelekea katikati, na V yake lazima ijumlishwe na ya paa kwa urefu wote.

Nadhani ninajua kanuni ya fundi wako ilikotoka. Mbao mbili zikisimamishwa bega kwa bega na kupigiliwa kutoka ubavuni, kila ubao hupinda kuuzunguka mstari uleule wa katikati, na mzigo ukizikalia zote mbili kwa usawa, hakuna kuteleza kwa kuzuia kwenye kiungo. Misumari hapo huziweka pamoja tu, na inchi 6 zinatosha. Kanuni hiyo ikihamishiwa kwenye mbao zilizolala juu ya nyingine inakuwa hatari.

Pima mbao zako kabla ya kuhesabu. Paini inayouzwa Ndeeba, Kampala, kwa jina la 2 kwa 6 mara nyingi ni pungufu, hasa ikishapigwa randa, na I ni nyepesi kubadilika kimo kikipungua. Mbao mbichi ziache zikauke kwanza, maana zikisinyaa baada ya kupigiliwa viungo hulegea, na zile nyutoni 400 si zako tena. Ujue pia kwamba hata misumari iliyohesabiwa vizuri husogea kidogo inapopokea mzigo, kwa hiyo boriti italegea zaidi ya fomula inavyosema. Mimi huchukulia mara mbili ya jibu la hesabu.

Chora mistari yako ya penseli karibu na ncha zote mbili, ikatize viungo vya juu na vya chini, kisha iangalie bati likishapigwa na tena baada ya miezi kadhaa. Ikiachana kwa milimita moja au zaidi, weka nguzo ya muda katikati, nyanyua boriti hadi uzi unyooke, utoboe na kuongeza misumari kati ya ile ya zamani kwenye mita za mwisho kabla hujaiondoa nguzo.