CHOP inasoma 30, ER inasoma 0

"Wakuu, kwa siku zilezile 10 CHOP inasema mwelekeo upo, ER inasema haupo. Nimekosea hesabu?"

Hujakosea, ndugu yangu. Zote mbili hupima kama bei ya sokoni ina mwelekeo au inayumba tu: CHOP, yaani Choppiness Index, ikiwa ndogo mwelekeo upo, lakini ER, yaani Efficiency Ratio, ikiwa ndogo haupo. ER hugawa umbali kati ya bei ya kufunga ya leo na ya siku 10 zilizopita kwa jumla ya mabadiliko ya kila siku, ilhali CHOP hulinganisha jumla ya mitikisiko ya kila siku na pengo kati ya bei ya juu kabisa na ya chini kabisa ya kipindi hicho. Mtu akitoka Mwanjelwa hadi Uyole, kisha akarudi Mwanjelwa, kwa ER hajafika popote. Kwa CHOP ameipita njia ile mara mbili tu, bila kuzungukazunguka.

Chukua bei iliyopanda shilingi 10 kila siku kwa siku 5, kisha ikashuka vivyo hivyo kwa siku 5. Badiliko halisi ni 0, kwa hiyo ER ni 0, lakini mitikisiko ni 100 na pengo ni 50:

```
100 * log10(100/50) / log10(10) = 30.1
```

Ukiona tofauti ya namna hiyo, shuku kwanza kwamba bei iligeuka katikati ya kipindi. Pima ER kwa siku 5 za mwisho. Hapa itafika 1, ingawa haitakuambia kwamba bei inashuka.