Ukishusha ada, utahitaji viti vingapi?

Swali: Nina kituo cha tuisheni ya kidato cha nne hapa Morogoro. Januari nilikuwa na wanafunzi 42, sasa wamebaki 27. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi, chumba kina viti 45. Kijana mmoja wa matangazo ya mitandaoni anataka laki tatu, na anasema nishushe ada iwe 20,000. Nianze na lipi?

Jibu: Mwalimu, usianze na lolote kati ya hayo. Kila wiki naletewa swali hili, na kila mara mtu ameshaambiwa kwamba masoko ni matangazo na punguzo. Tangu Jerome McCarthy, profesa wa masoko wa Marekani, azipange mwaka 1960, nguzo za masoko ni nne: bidhaa, bei, mahali, na matangazo.

Piga hesabu. Sasa unaingiza 810,000. Kwa ada ya 20,000 utahitaji wanafunzi 41 ili tu usirudi nyuma. Ukijaza viti vyote 45 utapata 900,000, yaani nyongeza ya 90,000, na laki tatu za kijana hujazitoa. Nyongeza hiyohiyo utaipata wakirudi wanafunzi watatu kwa ada ya zamani. Tena mzazi haoni somo likifundishwa, kwa hiyo hupima ubora kwa anachokiona, na ada ni mojawapo. Ukiishusha ghafla, atajiuliza kimeharibika nini.

Wale 15 hawakukosa tangazo. Walikaa darasani kwako, kisha wakaondoka. Wapigie wazazi wao mmoja mmoja, uulize mtoto aliacha wiki gani na nini kilitokea wiki hiyo. Wengi wakitaja wiki aliyoondoka mwalimu wa hesabu, tatizo ni bidhaa, maana kwenye huduma anayefundisha ndiye bidhaa yenyewe. Wakitaja giza au shida ya daladala, tatizo ni mahali, na mahali kwa tuisheni ni pamoja na saa. Niliwahi kushauri kituo kilichokuwa kikipoteza wasichana kwa sababu kipindi kiliisha saa moja na nusu usiku. Walisogeza kipindi kiishe saa kumi na mbili kasoro, wasichana wakaanza kurudi, na bei haikuguswa.

Kama ni bidhaa, mpe mzazi kitu cha kushika: jaribio fupi kila wiki mbili, daftari lililosahihishwa kwa kalamu nyekundu, na ujumbe wa simu unaotaja mada iliyomshinda mtoto. Hilo ndilo tangazo litakalosimuliwa kanisani na msikitini.

Hawa wanaouza “wanafunzi mia kwa wiki moja” wananikera, kwa sababu wanaondoka na fedha kabla mwezi wa pili haujafika, na mwezi wa pili ndipo mzazi anapoamua kulipa tena au kuacha. Wengine hubandika kwenye bango matokeo ya watoto ambao kituo hakikuwafundisha, na mtaa ukigundua, jina la mwalimu ndilo linaloharibika. Anayekuja kukutangazia bila kuuliza nani anafundisha hesabu na kipindi kinaisha saa ngapi, usimpe hata nauli.