Barua ya kumaliza mkopo imezidi stetimenti

"Niko Moshi. Stetimenti ya tarehe 30 Juni inaonyesha nadaiwa 3,650,000, barua ya kumaliza mkopo inasema 3,664,400. Hiyo 14,400 imetoka wapi? Riba ni asilimia 18 kwa mwaka."

Dada, hiyo ni riba ya siku nane. Zidisha 3,650,000 kwa 0.18, gawanya kwa 365: unapata shilingi 1,800 kwa siku. Stetimenti imeishia tarehe 30, lakini riba inaendelea kuhesabika kila siku hata kabla haijaandikwa kwenye akaunti. Angalia barua yako, bila shaka imeandikwa kuwa kiasi hicho ni hadi tarehe 8 Julai.

Tarehe hiyo ndiyo ya kuogopa. Mimi nililipa siku mbili baadaye, nikaondoka dirishani nimefurahi. Nilipofuata hati ya kiwanja nikaambiwa bado nadaiwa riba ya siku mbili, na mkopo haujafungwa. Kwa hiyo ukichelewa, omba barua mpya, na hela ya kutoka benki nyingine itume mapema.

Ila tofauti ingekuwa laki moja, hizo si siku. Waulize kama kuna faini ya kulipa kabla ya muda.