Tone Moja, Slaidi Mbili

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha kuchoma uvimbe kwa sindano ili kutoa seli za kupima, nilipewa kazi iliyoonekana nyepesi: daktari anachoma, mimi napaka sampuli kwenye slaidi. Mama mmoja mwenye uvimbe shingoni alichomwa mara tatu, nikapaka slaidi sita, na kesho yake tukamwita arudi kwa sababu hakuna hata moja iliyosomeka. Sindano ilikuwa imepiga palepale panapotakiwa. Tatizo lilikuwa mtungi wa alkoholi: ulikuwa kabatini, umefungwa kifuniko, na mimi niliukumbuka baada ya kupaka.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kabla mgonjwa hajaguswa, mtungi wa ethanoli ya asilimia 95 uwe wazi karibu na mkono wenu, na slaidi ziwe zimeandikwa jina na namba kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka ndani ya alkoholi, na mkishabaki na slaidi zisizo na jina, hata kazi nzuri haina mwenyewe.

Daktari akikukabidhi bomba la sindano, chomoa sindano kwanza, vuta hewa ndani ya bomba, rudisha sindano, kisha gusisha ncha yake kwenye kioo, tundu likiangalia chini, na usukume taratibu. Usirushe kutoka juu, kwani matone yatatawanyika na kukauka kabla hujapaka. Unataka tone dogo la ukubwa wa kichwa cha kiberiti, karibu na upande wa jina. Laza slaidi ya pili juu yake, acha uzito wa kioo chenyewe ulitandaze, halafu zivute kwa mwendo mmoja laini. Ukikandamiza, hasa kwenye tezi la limfu, seli hupasuka na viini vyake huvutika kuwa nyuzi za zambarau ambazo hakuna atakayezisoma.

Sasa una slaidi mbili zenye sampuli ileile. Moja inazama kwenye alkoholi papo hapo. Nikisema papo hapo sizungumzii dakika, nazungumzia sekunde. Nyingine inapepewa mpaka ikauke. Zote mbili zinahitaji haraka, na hapa ndipo wengi hupotea: hudhani kwa kuwa slaidi kavu hukaushwa kwa hewa, inaweza kuachwa mezani ijikaukie yenyewe. Ukipaka nene, au ukiwa Dar es Salaam wakati wa masika hewa imejaa unyevu, itakauka polepole, na seli zitasinyaa na kuwa nyeusi. Paka nyembamba, ipepee kwa mkono au feni. Moto wa taa usiutumie.

Kwa nini tusumbuke na zote mbili? Ya alkoholi hupakwa rangi ya Papanikolau, nayo huonyesha kiini kwa ndani: mpangilio wa kromatini, ukingo wake, pamoja na seli zilizolundikana, kwa sababu rangi hiyo ni angavu. Kavu huenda kwenye methanoli kisha rangi ya Giemsa, nayo huonyesha vizuri saitoplazimu na vile vitu vilivyo nje ya seli. Mafuta, kwa mfano, huyeyuka ndani ya alkoholi. Ukiona slaidi kavu inang'aa vitone na inakataa kukauka, huenda sindano imepita kwenye mafuta ya chini ya ngozi na uvimbe haukuguswa. Mwambie daktari hapohapo, mgonjwa angali kitandani.

Angalizo moja la hadubini. Seli inayokauka hewani hujibana kwenye kioo na kutandaa kama chapati, kwa hiyo huonekana kubwa kuliko ndugu yake aliyezamishwa kwenye alkoholi. Niliwahi kumwita mkubwa wangu kwa hofu kwamba nimeona saratani kwenye Giemsa, akaniwekea slaidi ya pili ya mgonjwa yuleyule, nikaona limfosaiti, chembe nyeupe za damu, za kawaida kabisa. Ukubwa ulinganishwe ndani ya slaidi za aina moja. Na ile iliyokauka kabla ya kufika kwenye alkoholi utaijua: viini vimevimba, vimepauka, ndani hamna kinachoonekana sawasawa, na saitoplazimu imegeuka rangi ya chungwa. Usijaribu kutoa jibu juu ya seli za namna hiyo.

Swali gumu zaidi ni lile la kutosha. Kwa tezi dundumio kuna kipimo cha mfumo wa Bethesda: angalau makundi 6 ya seli za folikuli, kila kundi lenye seli 10 au zaidi, zinazoonekana vizuri. Hata hapo, seli zenye dalili mbaya zikionekana, hesabu hiyo haidaiwi tena. Kwa matezi ya limfu hakuna hesabu ya namna hiyo. Mimi hujiuliza: je, nilichokiona kinaeleza uvimbe niliouona kwa macho?

Chukueni kijana mmoja wa miaka 24, tezi la shingo upande wa kulia, sentimita 3, limekua kwa miezi miwili. Sindano ya kwanza, geji 23, ilipiga katikati ikatoa uji mzito wa manjano. Wanafunzi walifurahi, kwani slaidi zilijaa. Chini ya hadubini, ya Papanikolau ilikuwa uji mtupu wa waridi usio na viini. Giemsa nayo ilikuwa hivyohivyo, na nyutrofili chache. Mmoja akasema, "Kaka, hii inatosha, ni kifua kikuu." Nikamwambia nyama iliyokufa haitaji jina la aliyeiua. Kifua kikuu hufanya hivyo, lakini saratani iliyotoka nyuma ya pua ikaingia tezini nayo yaweza kufia katikati. Slaidi moja kavu tuliipaka rangi ya Ziehl-Neelsen, ya kutafutia bakteria wa kifua kikuu, hatukuona hata mmoja. Nayo haikukanusha lolote, kwa sababu bakteria wakiwa wachache rangi hiyo huwakosa.

Sampuli ilikuwa nyingi na haikutosha. Tukarudi kwa kijana, safari hii kwenye ukingo wa tezi, kwa sindano nyembamba zaidi, geji 25, na bila kuvuta bomba: sindano inaingizwa na kurudishwa nyuma mara kadhaa, seli zinapanda zenyewe. Lilitoka tone dogo lisilopendeza hata kidogo. Humo ndimo zilimokuwa seli za epithelioidi, viini vyake virefu vimepinda kama nyayo za viatu, zimejikusanya kuwa granuloma, vile vishada ambavyo kifua kikuu hufanya, na limfosaiti pembeni. Sindano ya tatu hatukuipaka. Tuliisuuza kwenye maji ya chumvi tukapeleka kwenye mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya bakteria huyo, ikarudi na jibu la kifua kikuu.

Na pale sampuli inapokosa kutosha kweli, usiandike neno hilo peke yake kwenye majibu. Andika sababu: damu tupu, mafuta tupu, nyama iliyokufa tu, seli zimepondwa, slaidi zimekauka kabla ya alkoholi. Daktari akisoma "damu tupu" atachukua sindano nyembamba zaidi na ataacha kuvuta bomba. Akisoma "zimekauka" atajua kwamba mkono wake haukukosea, na atakuja kumtafuta aliyepaka.