Kifungu cha 2A kilifutwa, kanuni zikabaki kwa nani?

Mnaoanza kusoma mageuzi ya kisiasa mtakutana mapema na habari ya mawimbi, yaani vipindi ambapo nchi nyingi kwa pamoja zilihamia demokrasia. Wimbi la tatu linahesabiwa kuanzia Ureno, Aprili 25, 1974, wanajeshi walipoung'oa utawala wa kiimla. Likaenda Uhispania na Amerika ya Kusini, mwaka 1989 likaikumba Ulaya Mashariki, na mara likafika Afrika. Kisha mtapewa njia tatu, yaani mapatano, mpasuko wa ghafla na shinikizo la nje, na mtaambiwa muipange kila nchi mahali pake. Nilipokuwa mwanafunzi niliiweka Kenya kwenye shinikizo la nje. Mwalimu wangu alirudisha insha ile akiwa ameandika pembeni swali moja: "Nani aliandika kanuni?"

Nawashauri mwanze na tarehe. Chukueni karatasi, mpige mstari katikati, upande mmoja mwandike yaliyofanywa na wananchi na upande wa pili yaliyofanywa na wafadhili. Upande wa wananchi utaanza kujaa mapema. Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, wanasiasa waliodai vyama vingi, waliwekwa kizuizini, na Julai 7, Saba Saba, watu wakajitokeza Kamukunji ingawa mkutano ulikuwa umepigwa marufuku. Agosti 1991 ikaundwa FORD, vuguvugu la upinzani. Novemba 16 wakajaribu tena mkutano Kamukunji, polisi wakauzuia. Ndipo mwishoni mwa Novemba wafadhili waliokutana Paris walipoisimamishia Kenya misaada mipya kwa miezi sita. Siku chache baadaye wajumbe wa chama tawala, KANU, walikusanyika Kasarani, wakakubali vyama vingi, na Desemba hiyohiyo Bunge likafuta kifungu cha 2A cha katiba.

Wengi huisoma wiki moja ile ya mwisho wakatangaza kwamba fedha ndizo zilizoamua. Fedha zilikuwa na uzito, sikatai. Lakini wafadhili walikuta mlango umeshasukumwa kwa mwaka mzima na zaidi, tena na watu waliolala rumande kwa ajili yake.

Sasa tazameni kilichofutwa. Kifungu cha 2A kilikuwa kimeingizwa katika katiba mwaka 1982, nacho kilisema tu kwamba Kenya itakuwa na chama kimoja, KANU. Kukifuta kulirejesha haki ya kuunda chama. Rais alibaki na uwezo wa kuteua tume ya uchaguzi. Chifu alibaki na sheria iliyompa madaraka makubwa, na mkutano wa hadhara bado ulihitaji kibali. Hapakuwa na meza ambapo serikali na upinzani walikaa wakakubaliana mchezo utachezwaje.

Linganisheni na Benin. Huko mkutano wa kitaifa wa Februari 1990 ulijitangaza kuwa na mamlaka kamili, Rais Mathieu Kérékou akakubali, na serikali ya mpito ikasimamia uandishi wa katiba mpya. Machi 1991 Kérékou alishindwa katika uchaguzi na Nicéphore Soglo. Kenya, chama tawala kiliandika kanuni chenyewe. Mwaka 1992 kikaongeza sharti kwamba mshindi wa urais apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane, wakati wapinzani walikuwa wameshaanza kugawanyika. Desemba 29, 1992 Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36. Matiba, Mwai Kibaki na Oginga Odinga kwa pamoja walipata zaidi ya asilimia 60, lakini kila mmoja alisimama peke yake. Mwaka uliofuata misaada ikaanza kurudi. Hapo ndipo penye kikomo cha shinikizo la nje: mfadhili anaweza kudai uchaguzi ufanyike, ila ni vigumu akae miaka mitano akilinda daftari la wapiga kura.

Mapatano yalikuja Kenya kwa kuchelewa, baada ya maandamano ya 1997 yaliyomwaga damu. Wabunge wa pande zote walikaa katika kundi lililojulikana kama IPPG. Wakalegeza masharti ya mikutano, wakapunguza makali ya sheria ya machifu, na wakaafikiana kwamba vyama vya upinzani vipendekeze makamishna kumi wa tume ya uchaguzi.

Kipengele hicho cha makamishna ndicho ningependa mkikazie macho. Kilibaki neno la kiungwana, hakikuwekwa kwenye sheria. Mwaka 2007 Kibaki, sasa akiwa Ikulu, aliteua makamishna bila kuwashirikisha wapinzani, wala hakuvunja sheria yoyote iliyoandikwa. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa Desemba, upinzani haukuiamini tume wala mahakama, na zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Februari 28, 2008, mbele ya mpatanishi Kofi Annan, Kibaki na kiongozi wa upinzani Raila Odinga walitia saini mkataba wa kugawana madaraka. Safari hii Bunge liliuingiza kwenye katiba Machi, kabla baraza la mawaziri halijaapishwa.